MAONI: Umeibwa ama umeibiwa? Mnyambuliko si kubandika mkia tu

Likizo iliyopita binamu yangu, aliye kidato cha tatu, aliingia nyumbani Kayole akihema. Alikuwa ametoka tauni. Kabla hata hajaketi akasema, "Manze nimeibiwa simu! Hapo tu Ronald Ngala, nikipanda matatu."

Tulimpa pole, tukapiga ile namba mara kadhaa, haipatikani. Jioni, hasira zikiwa zimepoa, akatoa kazi ya likizo ya Kiswahili. Swali la kwanza lilikuwa kama limemlenga yeye: "Mwizi alimwibia Wanjiru simu. (Andika upya ukianza: Wanjiru...)" Alama mbili. Akaandika bila kusita: "Wanjiru aliibwa simu na mwizi."

Nikamuuliza, "Buda, wewe leo uliibwa?"

"Zii, niliibiwa."

"Sasa mbona Wanjiru ameibwa?"

Akaangalia daftari, akaniangalia mimi, akacheka. "Lakini hapa wanataka kutendwa. Na kutendwa si ni *-wa*?"

Hapo ndipo niliona shida iko wapi. Mdomoni mwake kauli ziko sawa kabisa. Mchana ule, akiwa na hasira na woga, hakukosea hata herufi moja. Lakini alipokaa mezani na kalamu, aliacha kumfikiria Wanjiru na simu yake, akaanza kutafuta mkia wa kubandika kwenye kitenzi. Mimi pia nilifundishwa hivyo, na bado nakumbuka mistari mirefu ya wino mwekundu kwenye daftari langu.

Maoni yangu ni haya: zoezi la kubadilisha kauli si zoezi la mikia ya vitenzi. Ni zoezi la watu. Kila kauli inamwingiza mtu kwenye sentensi, au inamhamisha, au inamtoa. Ukishajua nani ameingia na nani amehama, mkia unakuja wenyewe. Ukianza na mkia, utamuuza jirani yako bila kujua.

Turudi kwa Wanjiru. Sentensi ya msingi kabisa ni hii: "Mwizi aliiba simu." Hapa kuna wawili tu, mwizi na simu. Wanjiru hayupo. Tukitaka kumwingiza, kitenzi lazima kimfungulie mlango, na mlango wenyewe ni kauli ya kutendea: "Mwizi alimwibia Wanjiru simu." Ile *-i-* katika *-ibia* ndiyo iliyomleta Wanjiru, na ile *-mw-* iliyo mbele inathibitisha kwamba yumo. Darasani tunamwita shamirisho kitondo, na simu ni shamirisho kipozi.

Sasa tukitaka kuanza na Wanjiru, yaani tumfanye kiima, tunaongeza *-w-* lakini hatuwezi kuiondoa ile *-i-*. Tukiiondoa, mlango aliopitia umefungwa. Kwa hivyo ni "Wanjiru aliibiwa simu na mwizi." Hiyo ni kauli ya kutendewa. Na tukitaka kuanza na simu, tunarudi kwa kitenzi cha msingi: "Simu ya Wanjiru iliibwa na mwizi." Hiyo ni kauli ya kutendwa.

Ukiandika "Wanjiru aliibwa", umesema kuna mtu alimbeba Wanjiru mwenyewe akaenda naye. Hiyo si kesi ya simu tena, ni kesi ya utekaji nyara. Na ukiandika "Simu iliibiwa Wanjiru", umeifanya simu kuwa ndiyo iliyopoteza mali. Katika sentensi ya kutendewa, anayepanda mbele kuwa kiima ni yule aliyetendewa, si kitu kilichotendwa. Ndiyo maana tunasema "Mgeni alipikiwa wali" na hatusemi "Wali ulipikiwa mgeni."

Najua kuna atakayesema, "Lakini watu wote husema gari limeibiwa." Kweli, mtaani utalisikia hilo kila siku, na utaelewa bila shida kwa sababu gari haliwezi kuwa na mali ya kuibiwa. Lakini kwa karatasi ya mtihani, andika "Gari limeibwa" na "Mwenye gari ameibiwa." Anayesahihisha hatakuuliza mtaa wenu husemaje.

Kuna jambo lingine kuhusu kutendea linalotupoteza. Wengi tuliambiwa kwamba kutendea maana yake ni kufanya jambo "kwa niaba ya" mtu. Mama alimpikia mgeni, sawa, ni kwa niaba yake. Lakini mwizi aliyemwibia Wanjiru alimfanyia kwa niaba gani? Na yule msee aliyekulia pesa za chama, alikula kwa niaba yako? *Kutendea* inasema tu kwamba jambo lilimfikia mtu fulani. Laweza kumfikia kwa wema au kwa ubaya. Tena si lazima awe mtu. "Juma alikata nyama kwa kisu" ikiwekwa katika kutendea ni "Juma alikatia nyama kisu." Pale aliyeingia ni kifaa, na lile neno *kwa* limetoka kwa sababu kitenzi sasa kinafanya kazi yake. Ukiacha *kwa* ndani, umelipa nauli mara mbili kwa safari moja.

Na tukitaja nauli, tuingie matatu. Sijui kitenzi kinachofundisha kauli vizuri kuliko *lipa*, kwa sababu ukikosea unaona mara moja mfuko wa nani umetoboka.

Anza hapa: "Otieno alilipa nauli." Pesa zimetoka kwa Otieno.

Kutendea: "Otieno alimlipia Achieng nauli." Achieng ameingia. Pesa bado zimetoka kwa Otieno, ila anayenufaika ni Achieng.

Kutendewa: "Achieng alilipiwa nauli na Otieno." Achieng amepanda mbele. Tukio ni lile lile na mfuko ni ule ule.

Kutendesha: "Makanga alimlipisha Otieno nauli." Hapa ndipo wengi huanguka. Kutendesha huleta mtu mpya, msababishi, na mtu huyo ndiye anayekuwa kiima. Otieno, aliyekuwa mbele, anasukumwa nyuma na kuwa shamirisho. Yeye bado ndiye anayetoa pesa, lakini sasa kuna anayemfanya azitoe.

Nimeona daftari nyingi zenye jibu hili: "Otieno alilipisha nauli." Mwanafunzi amefuata maagizo, amebandika *-isha*, akaendelea na swali linalofuata. Lakini angalia alichofanya. Otieno alikuwa abiria, amekaa dirishani. Sasa amegeuka makanga, ananing'inia mlangoni akidai pesa za watu. Kitenzi kimebadilika lakini watu hawakuhama, kwa hivyo maana imepinduka.

Ni vivyo hivyo kwa "Mtoto alilala." Kutendesha kwake si "Mtoto alilaza." Alimlaza nani? Lazima mtu atokee: "Mama alimlaza mtoto." Na "Maji yamechemka" inakuwa "Mama amechemsha maji." Swali likikupa sentensi ya mtu mmoja na likutake uandike kutendesha, jua linakudai mtu wa pili, hata kama halikumtaja. Hapa nawalaumu pia wanaotunga mazoezi. Kama unataka kutendesha, mpe mwanafunzi msababishi kwenye mabano: "(Anza: Mama...)". Ukimwachia abuni mwenyewe, mmoja ataandika mama, mwingine yaya, mwingine ataacha pengo, na wewe utashindwa kujua kama alikosa sarufi au alikosa mtu.

Kutendeshwa: "Otieno alilipishwa nauli na makanga." Otieno amerudi mbele, lakini sasa kama mlalamishi. Linganisha hizi mbili kwa makini: *nililipiwa mia moja* na *nililipishwa mia moja*. Ya kwanza unasema ukitabasamu, maana kuna mtu amekuokolea mia. Ya pili unasema ukiwa umekasirika, maana mia imekutoka. Tofauti ni sauti moja tu ndani ya kitenzi, *sh*, na hiyo sauti ina thamani ya shilingi mia moja.

Na makanga mwenyewe je? Yeye "alilipwa nauli na Otieno." Angalia, hakuna *-i-* hapo. Je, hii haivunji ile kanuni ya Wanjiru? La. Kitenzi *lipa* tangu mwanzo kinamkubali mtu anayepokea pesa: tunasema kumlipa fundi, kumlipa mfanyakazi. Anayepokea hahitaji kufunguliwa mlango na kutendea kwa sababu tayari yuko ndani. Kwa hivyo mfanyakazi *alilipwa* mshahara, lakini mwanafunzi *alilipiwa* karo. Ukimwandikia mwanafunzi "alilipwa karo", umemgeuza kuwa mwenye shule.

Ndiyo maana jedwali la mnyambuliko peke yake halitoshi. Jedwali litakuonyesha *lipa, lipia, lipwa, lipiwa, lipisha, lipishwa, lipiana* zikiwa zimepangwa safi kama askari gwaride. Halitakuambia fundi anasimama chini ya ipi na mwanafunzi chini ya ipi. Hata mbaya zaidi, kuna vitenzi ambavyo jedwali halitenganishi kabisa. Chukua *nunua*. Ukiweka kutendea, sauti *l* inatokea: *nunulia*. Kutendwa ni *nunuliwa*. Kutendewa pia ni *nunuliwa*. "Viatu vilinunuliwa na baba" na "Kioko alinunuliwa viatu na baba" zina kitenzi chenye sura moja. Kinachozitofautisha ni nani ameketi mbele, na kama kuna kitu kimebaki nyuma. Ondoa viatu kwenye ile ya pili, useme "Kioko alinunuliwa na baba", uone vile Kioko anageuka bidhaa. *Jibu* nayo ina tabia hiyo hiyo: swali lilijibiwa, na mwanafunzi alijibiwa. Hapo mwanafunzi wa mikia hana pa kushika.

Tumalize na kauli inayopendwa mtaani na kukosewa darasani, kutendana. Zoezi moja nililoliona lilisema: "Mlevi alimpiga jirani. (Andika katika kauli ya kutendana.)" Jibu lililotarajiwa lilikuwa "Mlevi na jirani walipigana."

Hebu fikiria sentensi hizo mbili zikiwa zinaandikwa kituoni polisi. Katika ya kwanza, jirani ni mlalamishi na mlevi ni mshukiwa. Katika ya pili, wote wawili ni washukiwa. Jirani aliingia na jicho lililovimba kuripoti, na akatoka akiwa na kesi ya kupigana hadharani. Aliyeandika hakuongeza uongo wowote, aliongeza *-an-* tu.

Hii ndiyo tofauti ambayo mazoezi yetu hayaisemi. Kutendwa hakubadilishi tukio. "Mlevi alimpiga jirani" na "Jirani alipigwa na mlevi" zinasimulia ngumi ile ile, ila kamera imehama kutoka kwa mpigaji hadi kwa mpigwaji. Kutendana kunahitaji matukio mawili, la kwenda na la kurudi. Kwa hivyo zoezi la haki lingetoa sentensi mbili: "Mlevi alimpiga jirani. Jirani alimpiga mlevi." Hapo ndipo unaweza kuziunganisha ziwe "Mlevi na jirani walipigana." Swali likisema "bila kubadilisha maana" na likupe sentensi moja ya upande mmoja, basi kutendana si jibu, ni mtego.

Ukishakuwa na sentensi zako mbili, fanya mambo matatu. Waunganishe wahusika kwa *na* wawe kiima kimoja. Kitenzi kiwe cha wingi, *wa-*. Kisha ondoa kile kiambishi cha mtendwa, kwa sababu mtendwa sasa yuko mbele pamoja na mtenda. Hili la mwisho ndilo husahaulika, tukapata vichekesho kama "walimpigana" au "walimpendana." Ukiacha *-m-* pale, msomaji atauliza, huyo wa tatu ni nani? Unaweza pia kusema "Mlevi alipigana na jirani", umoja mbele na *na* nyuma, ni sahihi. Usichoweza kusema ni "Mlevi alipigana jirani."

Kutendana kunaweza kupanda juu ya kutendea pia. Leo Otieno amlipie Achieng nauli, kesho Achieng amlipie Otieno, basi "Otieno na Achieng hulipiana nauli." *Lipi-* kwanza, *-an-* baadaye. Ile *-i-* imebaki, kwa sababu bila hiyo wangekuwa "wanalipana", yaani wanapeana pesa wao kwa wao, na makanga angebaki bila kitu.

Walimu niliozungumza nao kuhusu jambo hili wana jibu lao, na si jibu la kupuuza. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, nina darasa la watu zaidi ya hamsini. Jedwali nasahihisha kwa dakika kumi. Sentensi ya kila mmoja nitasahihisha hadi usiku." Tena jedwali lina kazi yake. Bila kurudia rudia huwezi kuzoea kwamba ni *pikia, katia, fungia* lakini *somea, letea*, au kwamba *lala* huzaa *laza*, *ogopa* huzaa *ogofya* na *kumbuka* huzaa *kumbusha*. Hayo ni ya kukariri, na jedwali hukaririsha vizuri.

Lakini tusiishie hapo. Katika Karatasi ya Pili ya KCSE, matumizi ya lugha yana alama 40 kati ya 80, na swali halikuji na jedwali. Linakuja na sentensi yenye watu ndani. Mwanafunzi aliyezoea safu pekee anafika pale na mikia mfukoni, hajui ya nani.

Napendekeza kitu kidogo ambacho hakiongezi hata dakika kumi. Kabla ya kugusa kitenzi, mwanafunzi aandike pembeni maswali matatu na majibu ya neno moja moja. Nani alifanya? Jambo lilimfikia nani au nini? Je, kuna mtu mpya anayeingia? Kisha ndipo aandike sentensi. Na akimaliza, aisome kwa sauti kama anayemwambia rafiki aliye kwenye foleni ya chipsi. Sikio lililokua likisikia Kiswahili litashtuka lenyewe likisikia "jirani aliuzwa kuku."

Tulijaribu na binamu yangu usiku ule. Swali la tano lilisema: "Nyanya alimuuzia jirani kuku. (Anza: Jirani...)" Alikuwa tayari ameandika "Jirani aliuzwa kuku na nyanya." Nikamwambia asiguse kitenzi, ajibu maswali kwanza. Nani aliuza? Nyanya. Kilichouzwa? Kuku. Jambo lilimfikia nani? Jirani. Kuna mtu mpya? Hakuna.

Akasoma jibu lake la kwanza kwa sauti. Akanyamaza kidogo. "Ai, kumbe nimeuza jirani!" Akafuta, akaandika "Jirani aliuziwa kuku na nyanya."

Kisha akarudi juu kwa swali la kwanza bila kuambiwa, akaongeza *-i-* kwa Wanjiru. Asubuhi yake tulienda kituoni kuchukua abstrakti ili apate laini mpya. Afisa alipomuuliza kilichotokea, alijibu vizuri kama mara ya kwanza: "Nimeibiwa simu." Tofauti ni kwamba safari hii alijua kwa nini.